Una makava matano ya video moja, uweke lipi? Namna ya kuyapanga yakiwa madogo kabisa

Wadau, hii ni kwa mtu ambaye kava la video ameshalitengeneza, tena sio moja, ana matatu manne hivi na sasa anayakodolea macho hajui apandishe lipi YouTube. Sitaongelea namna ya kudizaini, naongelea kuchagua tu, yani kuyapima na kuyapanga la kwanza mpaka la mwisho bila kubishana kwa kusema "mi naona hili ndio kali".

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Dada mmoja hapa Moshi anafanya video za mapishi, video yenyewe ni ya kupika mtori, na alikuwa na makava matano. A ni bakuli jeupe la mtori juu ya kitambaa cheupe, limeandikwa "mtori" kwa fonti nyembamba ya kimaridadi. B kasimama mbele ya migomba, Kibo inaonekana nyuma, maandishi mekundu "SIRI YA MTORI WA KICHAGA". C yuko jikoni kashika chungu cheusi karibu na kidevu, ukuta nyuma una moshi wa kuni, imeandikwa "MTORI MZITO" kwa njano. D yuko mezani anatabasamu, afu pembeni kaandika "Jinsi ya kupika mtori wa nyama ya ng'ombe" mistari mitatu. E ni sura yake tu kubwa anaonja na kijiko, hakuna neno hata moja.

Kwenye laptopu ukiyafungua moja moja skrini nzima yote mazuri kabisa. Hapo ndio mtego ulipo, sababu mtazamaji hataliona kava kwa saizi hiyo hata siku moja.

Kwanza yapunguze, usipime kitu kikiwa kikubwa

Faili la kava kwa kawaida ni pikseli 1280 kwa 720. Ile listi ya video zinazopendekezwa pembeni kwenye kompyuta inalionyesha kama 168 kwa 94 hivi. Gawanya 1280 kwa 168 unapata 7.6. Hiyo namba ishike, kila kitu ulichochora kitagawanywa kwa 7.6. Herufi yenye kimo cha 100 inabaki 13, mstari wenye unene wa 8 unabaki pikseli moja, na kitu chenye pikseli moja kwenye skrini kinakuwa ukungu tu.

Kama una kompyuta yenye ImageMagick, ile programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, yaweke makava yote kwenye folda moja uendeshe hii:

```
magick montage A.jpg B.jpg C.jpg D.jpg E.jpg -geometry 168x94+12+12 -tile 3x -background "#0f0f0f" giza.png
magick montage A.jpg B.jpg C.jpg D.jpg E.jpg -geometry 168x94+12+12 -tile 3x -background "#ffffff" nyeupe.png
```

Unapata shiti mbili, moja bekigraundi nyeusi na moja nyeupe, kwa sababu kuna watu wanatumia YouTube ya giza na wengine ya mwanga, na kava lenye kingo nyeupe kama A kwenye ukurasa mweupe linakosa mpaka, hujui linaanzia wapi. Fungua shiti kwa asilimia 100 na usizumu. Najua mkono utawasha, usizumu.

Kama huna kompyuta, simu inatosha. Fungua turubai ya wima kwenye Canva au PixelLab, weka makava yako kila moja lichukue theluthi ya upana wa skrini, sevu kama picha afu itazame ukiwa umenyoosha mkono. Usitumie zile picha ndogo za kwenye galari ya simu maana nyingi zinakatwa zinakuwa mraba, utakuwa unapima kitu kingine kabisa.

Maksi ninazotumia ni 0 mpaka 3 tu. Sifuri haionekani, 1 inaonekana ukiitafuta, 2 inaonekana, 3 inakurukia yenyewe. Watu wanapenda kutoa maksi kwa 10 afu wanaanza kugombana kama ni 6 au 7, ni kupoteza muda.

Kontrasti: pima pale penye kazi, sio picha nzima

Hatua ya kwanza geuza shiti nzima iwe nyeusi-nyeupe. Kwenye Snapseed ipo, kwenye kompyuta ni hivi:

```
magick giza.png -colorspace Gray kijivu.png
```

Rangi zikishaondoka unabaki na mwanga na giza tu, na macho yetu yanasoma maumbo madogo kwa mwanga na giza zaidi kuliko rangi. Kava B hapa lilikufa palepale. Maandishi mekundu juu ya migomba ya kijani, kwa rangi yanaonekana yanapiga kelele kweli, ila ukiweka kijivu yameyeyuka ndani ya majani huoni hata kama kuna sentensi.

Sasa kuna kosa watu wanalifanya hapa. Wanaangalia kama picha "ina kontrasti" kwa ujumla. B ndio yenye kontrasti kubwa kuliko zote ukiangalia hivyo, kuna anga jeupe, majani yanang'aa, vivuli vyeusi katikati ya migomba. Lakini hiyo ni vurugu, sio kontrasti inayokusaidia. Ukiipunguza picha, majani yote yale na vivuli vyake yanachanganyika yanakuwa kijani moja ya katikati, na maandishi yako yanabaki yanapambana na hiyo kijani ya katikati. Kwa hiyo pima sehemu mbili tu: maandishi dhidi ya kilicho nyuma yake, na kitu kikuu (sura au chakula) dhidi ya kilicho nyuma yake.

Kujua rangi ya wastani ya kilicho nyuma, kata kipande cha bekigraundi pembeni ya maandishi ukikamue kiwe pikseli moja:

```
magick B.jpg -crop 300x120+80+40 +repage -scale 1x1 txt:
```

Namba za kwanza mbili ni upana na kimo cha kipande, zinazofuata ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu, badilisha zifuate picha yako. Itakutolea kodi ya rangi. Kwa migomba ya B ilikuja #3C642D. Chukua kodi hiyo na ya maandishi, mfano nyekundu #FF0000, uziingize kwenye tovuti ya WebAIM Contrast Checker, inakupa uwiano wa mwanga kati ya rangi hizo mbili. Uwiano huo unaanzia 1, yani rangi mbili hazina tofauti ya mwanga, mpaka 21 ambayo ni nyeusi na nyeupe. Nyekundu juu ya migomba ile inatoa kama 1.7. Ukibadilisha maandishi yaleyale yawe meupe inakuwa 6.9. Hujahamisha herufi hata moja, umebadili rangi tu.

Kiwango cha WCAG, kile wanachotumia watu wa tovuti, kinataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa. Kwa kava mimi nataka 7 kwenda juu, maana maandishi yamepunguzwa, yamebanwa na JPG, na mtu anayaangalia akiwa kwenye daladala jua linapiga skrini.

Kwenye chakula ni hivyohivyo. Mtori una rangi ya krimu iliyoelekea kahawia, na huo ndio ugumu wake, haujapewa rangi kama pilau au nyama choma. Kwenye bakuli jeupe la A, mtori dhidi ya bakuli ulitoa uwiano wa kama 2. Mtori uleule kwenye chungu cheusi cha C unatoa kama 8. A nikalipa 1, B 1, C 3. D na E zina ukuta wa kahawia iliyofifia nyuma, sio mbaya sio kali, 2 kila moja.

Sura: sio kuwepo, ni kusomeka

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi tunakosea na kuna mambo ya ngozi zetu ambayo maelekezo mengi mtandaoni hayagusi.

Anza na ukubwa. Kwa kawaida upana wa jicho ni kama moja ya tano ya upana wa uso, wachoraji wanaijua hiyo. Kwenye B kasimama mwili mzima, kichwa kina kimo cha pikseli 80, uso una upana wa kama 55, kwa hiyo jicho ni 11. Gawanya kwa 7.6, jicho limebaki pikseli moja na nusu. Hakuna jicho hapo. Kwenye C uso una kimo cha 300, upana kama 210, jicho 42, likipungua ni pikseli 5 na nusu, hiyo unaona kabisa kama anaangalia kamera au anaangalia chungu. E uso ni 480, huyo unaona mpaka alivyofumba jicho kwa utamu. Kwa hiyo kama uso haufiki theluthi ya kimo cha kava, yani 240 hivi, usitegemee usoni pasomeke kitu, huyo mtu ni sehemu ya mandhari.

Sasa mwanga. B ilipigwa asubuhi mlima ukiwa wazi, anga nyuma linawaka. Simu inapima mwanga wa picha nzima, inaona anga na theluji, inapunguza mwanga ili visiungue, na anayeumia ni mtu aliyesimama mbele, hasa mwenye ngozi nyeusi. Matokeo yake uso unakuwa kivuli. Cha ajabu ukipima uso dhidi ya anga kontrasti ni kubwa mno, kipimo kitakwambia safi. Ndio maana kwenye sura usipime uso dhidi ya nyuma peke yake, pima ndani ya uso: weupe wa macho dhidi ya ngozi, meno au midomo dhidi ya ngozi, upande wa uso uliopigwa mwanga dhidi ya upande wa kivuli. Kama ndani ya uso hakuna tofauti, una umbo la kichwa tu.

Jaribio rahisi: kata uso kwenye ile picha iliyopungua tayari, sio kubwa, muulize mtu huyu anacheka, anashangaa au amenuna? Akikujibu "sijui" au akakisia, hiyo ni 0 au 1. B ikapata 1 kwa huruma, kwa sababu kanga yake inaonyesha kuna mtu. C 2, maana chungu kimefunika kidevu kidogo. D 2. E 3.

Kama sura yako imeanguka kwa ajili ya mwanga, jaribu kuinua vivuli usoni kwa Snapseed, kile chombo cha Selective, gusa uso uongeze mwangaza taratibu. Ila kuna kikomo. Ukiona ngozi imegeuka kijivu au ina chengachenga, ujue kivuli kile hakikuwa na taarifa ndani yake, rudia picha. Msimamishe mtu chini ya kibaraza akiangalia nje kwenye uwazi, gusa uso wake kwenye skrini simu ipime hapo, na shikilia kitambaa cheupe chini ya kifua chake kirudishe mwanga shingoni na machoni. Haihitaji taa.

Na mlima jamani. Watu wa huku tunapenda kuuweka kila mahali, naelewa, ila kwenye kimo cha pikseli 94 Kibo inachukua pikseli chache juu kabisa na theluji yake huwezi kuitofautisha na wingu. Kama video sio ya mlima, unamnyang'anya mtu nafasi ya uso bure.

A haina sura. Usiipe sifuri kwa hilo, andika "haihusiki", ila kitu kikuu chake (bakuli) kishapimwa kwenye kontrasti. Sifuri ni kwa kava lililoahidi sura afu haionekani.

Maandishi: hesabu herufi, achana na maneno

Utasikia ushauri wa "usizidishe maneno matatu". Kwa Kiswahili haufanyi kazi vizuri, maana neno letu moja linaweza kuwa na herufi kumi na nne. "TULIVYOWAPIKIA" ni neno moja lakini linajaza kava zima. Hesabu herufi kwa mstari.

Hesabu iko hivi. Sura ikichukua nusu ya kava unabakiwa na pikseli 640 za maandishi, toa nafasi za pembeni baki na 560. Herufi kubwa nene yenye kimo cha 150 inakula upana wa kama 110, M zaidi kidogo, I kidogo sana. Kwa hiyo mstari mmoja ni herufi tano. "MTORI" inaingia sawasawa, "MZITO" nayo chini yake. Kimo cha 150 kikipungua ni kama 20, mtu anasoma bila kukunja uso. Ukitaka herufi kumi kwa mstari kimo kinashuka mpaka 75 hivi, ambayo ikipungua ni 10, hapo ndio mwisho wa lami. Chini ya hapo hata kama wewe unasoma, unasoma kwa sababu unajua imeandikwa nini.

D ina herufi na nafasi 41, kimo cha 60, tena herufi ndogo. Sitini gawanya kwa 7.6 ni 8 kasoro, na hizo ni zile ndefu kama k na p, zile fupi kama a na o zimebaki pikseli tano au sita, zimejaa wino katikati. Sifuri. A fonti yake ina mistari yenye unene wa pikseli 6, ikipungua haifiki hata pikseli moja. Sifuri. B herufi ni kubwa kiasi, fonti nene, inauawa na rangi, kwa hiyo 1. C ni njano #FFDD00 juu ya ukuta wenye moshi #1E1E1E, uwiano kama 12, nikaipa 3 bila kujadili.

Vitu viwili vidogo ambavyo watu wanasahau. Kona ya chini kulia YouTube inaweka muda wa video, na kava likiwa dogo kile kiboksi kinakula sehemu kubwa kuliko unavyofikiri, kwa hiyo neno lililofika hapo hesabu limekatwa. Pia kivuli laini cha kung'aa nyuma ya herufi kikipungua kinageuka ukungu unaofumba mashimo ya herufi. Kama bekigraundi ina vurugu weka kiboksi kizima cha rangi moja nyuma ya maandishi, au mpaka mweusi wenye unene wa 12 hivi ili ukipungua ubaki japo pikseli moja na nusu.

Kuyapanga sasa

Usijumlishe kwanza. Panga kwa maksi ya chini kabisa ya kila kava, zikifungana ndio uangalie wastani wa zile zinazohusika. Sababu ni kwamba kontrasti ya 3 haiwezi kumfufua mtu ambaye sura yake haionekani, na sura nzuri haisaidii maandishi yasiyosomeka, yale maandishi yanabaki kama uchafu juu ya picha.

```
kava  kontrasti  sura  maandishi  chini
C     3          2     3          2
E     2          3     -          2
B     1          1     1          1
D     2          2     0          0
A     1          -     0          0
```

C na E zimefungana kwa 2, wastani wa C ni 2.67, E 2.5, C juu. Mpaka hapo sawa, lakini usiishie hapo, angalia maksi ya chini imetokana na nini na kuitengeneza kunagharimu nini. D ina sifuri ya maandishi tu, hiyo ni kazi ya dakika tano: futa ile sentensi, andika "MTORI" peke yake kwa herufi nene nyeupe zenye kimo cha 150 ndani ya kiboksi cheusi. Maneno "jinsi ya kupika" yako tayari kwenye kichwa cha video chini ya kava, hayana haja ya kurudiwa. D likawa 2, 2, 3, wastani 2.33, likalipita B na kukaa la tatu nyuma ya E. B hata ukibadili rangi ya maandishi yawe meupe, sura bado ni 1, mpaka apige picha upya. Hilo tukaliacha. A linataka chungu kingine na fonti nyingine, yani ni kava jipya.

Baada ya hapo tafuta macho mapya. Wewe na aliyekusaidia kuediti hamfai, mnajua tayari kimeandikwa nini. Mwonyeshe mtu ambaye hajaona, shangazi, kijana wa dukani, yeyote, kava moja dogo kwa sekunde moja tu afu ficha. Muulize "umeona nini?" Usimuulize "ni zuri?" maana kwa heshima atakwambia zuri. Kwa C jibu lilikuwa "dada ana chungu cha mtori". Kwa B mtu mmoja kasema "mtalii shambani". Mtu mmoja kwa kila kava, usimwonyeshe yuleyule yote, akishasoma mtori kwenye la kwanza atasoma mtori kwenye yote.

Mwisho liweke kati ya majirani zake. Tafuta "kupika mtori" YouTube, chukua makava ya video zinazokuja juu. Kila video ina kava lake dogo kwenye anwani hii, weka kodi ya video palipoandikwa VIDEO_ID:

```
https://img.youtube.com/vi/VIDEO_ID/mqdefault.jpg
```

Hiyo ni 320 kwa 180, iingize kwenye montage pamoja na zako. Kama majirani wote ni mabakuli meupe na meza za mbao, C lenye ukuta mweusi litaonekana kwanza. Ikitokea wote wana kuta nyeusi na maandishi ya njano, C na 3 zake zote litazama katikati yao, na hapo D au E linaweza kupanda. Kwa hiyo maksi ya kontrasti ina maana ndani ya listi fulani, na listi inabadilika, rudia hii hatua ukipandisha video nyingine.

Ukiwa na mawili matatu yaliyokaribiana usikeshe unabishana, YouTube Studio kwenye kompyuta ina kipengele cha kujaribu mpaka makava 3 kwa video moja, inayagawa kwa watazamaji na inaangalia lipi limeleta muda mwingi wa kutazama, sio kubofya tu. Chaneli ikiwa ndogo mara nyingi itakuletea jibu kwamba hakuna lililoshinda wazi, kwa sababu waliolioneshwa ni wachache. Kwenye hiyo hali tumia mpangilio wa maksi zako, pandisha C, na E lisevu ulijaribu baadaye.